Nyongeza ya usiku: fundi bomba na fundi umeme wanavyoipanga na kumweleza mteja

Nimewahi kusimama mlangoni kwa mteja saa tisa usiku, suruali imelowa mpaka magotini, tukibishana kuhusu pesa. Kazi ilikuwa imekwisha na maji yamekatika. Nilipotaja bei alinitazama kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Fundi, hii uliniambia saa ngapi?" Sikuwa nimemwambia. Nilidhani mtu mzima anajua kuwa kumtoa fundi kitandani si sawa na kumwita saa nne asubuhi. Alinilipa nusu, na nikiwa njiani kurudi nilikubali moyoni kwamba hakunidhulumu.

Tangu siku hiyo nyongeza ya usiku naimaliza kwenye simu, kabla sijavaa viatu, wakati mteja bado ana nafasi ya kusema "basi njoo asubuhi". Ukishafika kwake na maji yakawa yanamwagika, hana uchaguzi tena. Bei anayotajiwa mtu asiye na uchaguzi ataiona ni ya kumkaba, hata iwe ya haki namna gani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: hesabu kwanza, kisha simu, kisha kazi, na risiti mwishoni.

Hatua ya kwanza: piga hesabu mchana, ukiwa umetulia

Mafundi wengi hutaja "mara mbili" kwa sababu wamesikia wengine wakisema hivyo. Mteja akiuliza kwa nini iwe mara mbili na si mara tatu, jibu halipo. Wewe anza na kile ambacho usiku unakugharimu na mchana haukugharimu. Hicho ndicho nyongeza, na hakuna kingine cha kuingiza humo.

Ili hesabu ikufae popote ulipo, saa moja ya kazi yako ya mchana tuiite 100. Weka sarafu yako mwenyewe. Tuseme safari ya kawaida ya mchana unaitoza 50, kwa hiyo kazi ya saa moja mchana, pamoja na kufika, ni 150.

Gharama ya kwanza ya usiku ni kukaa tayari. Tuseme simu yako iko wazi usiku tatu kwa wiki. Usiku huo huendi mbali, hunywi pombe, na mfuko wa zana uko mlangoni. Kila usiku wa namna hiyo mimi naupa thamani ya nusu saa ya kazi, yaani 50, na kwa usiku tatu inakuwa 150. Kama kwa wastani unaitwa mara mbili kwa wiki, kila mwito unabeba 75.

Ya pili ni safari. Mchana unatoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, na njia inagawanyika kati yao. Usiku unakwenda kwa mtu mmoja na kurudi nyumbani mikono mitupu. Angalia kwamba hapa hatuweki safari nzima, maana ile 50 ya kawaida mteja analipa vilevile. Tunaweka ile nusu tu ambayo mchana isingekuwepo, na hiyo ni 50 nyingine.

Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo mafundi wengi hawaioni: asubuhi inayofuata. Ukirudi saa tano usiku, unalala na kesho unaanza kazi kama kawaida. Ukirudi saa tisa, ama unaanza kwa kuchelewa saa mbili, ama unaingia kwenye ubao wa umeme wa mtu mwingine ukiwa na usingizi machoni. Fundi mwenye akili anachelewa. Saa mbili za kazi zilizopotea ni 200.

Jumlisha sasa. Mwito wa kabla ya saa sita usiku haugusi asubuhi yako, kwa hiyo nyongeza ni 75 na 50, jumla 125. Mwito wa baada ya saa sita unaigusa: 75, 50 na 200, jumla 325. Ndiyo maana napendekeza ngazi mbili badala ya bei moja ya "usiku". Mteja wa saa tatu na nusu usiku hana sababu ya kulipia asubuhi ambayo hujaipoteza.

Kipimo cha ngazi kiwe saa aliyopiga simu, si saa uliyofika wala uliyomaliza. Saa hiyo imeandikwa kwenye simu yake na kwenye yako, haina ubishi. Aliyepiga saa sita kasoro dakika kumi analipa ngazi ya chini hata ukirudi kwako saa nane. Hapo umepata hasara kidogo, imeze. Ukianza kusogeza mpaka, mpaka wenyewe umekufa.

Jambo moja la kukataa ni kuzidisha bei ya saa juu ya nyongeza hii. Wapo wanaotoza ada ya usiku na bado kila saa ya kazi inahesabiwa mara moja na nusu. Usingizi wako umeshalipiwa mara moja kwenye ile 200, na ukiuweka tena kwenye saa unautoza mara mbili. Halafu saa inapokuwa ghali, mteja anasimama nyuma yako akiangalia ukutani, akijiuliza kama unakaza nati polepole makusudi. Nyongeza iwe moja, isiyobadilika, na saa za kazi zibaki bei ya mchana. Vipuri vilevile: mpira wa sinki ulionunuliwa mchana haujapanda bei kwa sababu jua limezama.

Hatua ya pili: uliza kabla ya kutaja bei

Kazi halisi ya kuitetea nyongeza inafanyika hapa, kwenye dakika tano au sita za kwanza za simu. Unachotafuta ni kujua kama shida inaweza kusubiri, na kama haiwezi, kuona iwapo mteja anaweza kuifanya isubiri kwa mikono yake mwenyewe. Fundi aliyejaribu kwanza kukuokoa na gharama, kisha akasema "hapa itabidi nije", huyo unamwamini.

Kwa upande wa maji, mimi huanza kwa kumwomba mteja akinge. Mtu aliyeamshwa na maji anasema "yanamwagika sana" hata kama ni matone, na si kwamba anadanganya, ameshtuka. Namwambia achukue chombo cha nusu lita na aniambie kinajaa kwa muda gani. Tone moja kila sekunde ni kama lita nne tu kwa saa ishirini na nne, maana matone ishirini hivi ndiyo mililita moja. Mpaka asubuhi hata bakuli la kuogea halitajaa. Lakini nusu lita kwa dakika moja ni lita thelathini kwa saa, na ndoo ya lita ishirini itajaa kila baada ya dakika arobaini. Hapo mtu atakesha akibeba ndoo. Kwa kipimo hicho mteja mwenyewe anajua yuko upande gani, na hajakutegemea wewe, mwenye faida, umwambie.

Halafu tunatafuta pa kufunga, kuanzia karibu na kuvuja kwenda mbali. Kwanza koki ndogo iliyo chini ya sinki au pembeni ya tangi la choo. Inafungwa kwa kuzungusha kulia. Ikigoma, valvu ya nyumba au ya ghorofa. Ikikosekana, valvu kuu karibu na mita. Na kuna kosa ambalo mafundi wachanga hulifanya hasa kwenye simu: wanasahau tangi la juu. Mteja amefunga valvu ya mita, maji yanaendelea vilevile, anachanganyikiwa na kudhani valvu ni mbovu. Valvu ni nzima, ila maji yanayotoka sasa ni ya tangi, na yatatoka mpaka tangi liishe. Uliza mapema: "Mna tangi juu? Ni lenu peke yenu?" Kama ni lao peke yao na mita imefungwa, wanaweza kufungua koki zote zinazomwaga kwenye sinki na bafuni, tangi likaisha kwa njia ya mfereji badala ya sakafu. Watapoteza maji, lakini huenda wasikuhitaji mpaka asubuhi.

Mwambie pia asitumie nguvu. Valvu ya geti ambayo haijaguswa kwa miaka ukiilazimisha kwa koleo inaweza kukatika shina, na tone likawa mafuriko. Robo mzunguko kwenda, robo kurudi, mara kadhaa, ikikataa, aiache.

Usiku mmoja kijana alinipigia saa saba, sauti inatetemeka, maji ya tangi la choo yamefika mlangoni. Nilimwelekeza kwenye koki iliyo nyuma ya choo, akazungusha, nikasikia kwenye simu ule mlio wa maji unapungua mpaka ukanyamaza. Kukawa kimya. Nikamwambia: "Umemaliza. Usiku huu ukitaka kutumia choo mwagia kwa ndoo, mimi nakuja saa tatu asubuhi kwa bei ya mchana." Nililipwa 150 na kipuri cha boya badala ya 475. Usiku huo nilipoteza pesa, lakini huyo hatakaa aniulize tena kwa nini usiku ni ghali, maana ameshaona kwamba nikisema nakuja, nimekosa njia nyingine.

Kwa umeme maswali ni mengine, na haya nimeyachukua kwa fundi umeme ninayepokezana naye simu za usiku. Yeye swali lake la kwanza ni la hatari: kuna harufu ya plastiki kuungua, soketi ya moto, mlio wa kukwaruza ukutani, au maji yaliyoingia kwenye taa au soketi? Kama lipo hata moja, mteja azime swichi kuu na asiiwashe tena. Kama kuifikia swichi kunamlazimu kukanyaga maji au kupita penye moshi, asiiguse. Atoke na watu wake na apige simu kwa zimamoto na kwa shirika la umeme. Hapo habari ya bei haina nafasi.

Anauliza pia kama taa za vyumba vingine zinawaka kupita kiasi huku nyingine zimefifia. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea au kukatika. Kwenye mfumo wa fezi tatu, volti ambazo zingekuwa 230 zinaweza kupanda kuelekea 400 upande mmoja, na friji na televisheni zikaungua katika dakika chache. Swichi kuu izimwe mara moja. Mara nyingi tatizo liko kwenye waya wa nje, yaani ni la shirika la umeme, na fundi atakayekwenda kutoza nyongeza kwa jambo asiloruhusiwa kuligusa atarudi na aibu.

Kama hakuna hatari na ni giza tu, anamwambia achungulie nje. Majirani nao wakiwa gizani, hakuna kazi ya fundi. Majirani wakiwa na umeme, mteja achomoe vifaa vyote kwenye soketi, azime breka ndogo zote, awashe ile kubwa, kisha awashe ndogo moja moja. Ile inayoangusha kubwa ndiyo yenye shida. Aiache chini, airudishe ile kubwa na kuwasha zilizobaki. Simu nyingi za "nyumba nzima imezima" zinaishia hapo, nyumba inawaka isipokuwa jikoni. Kubwa ikianguka tena baada ya hapo, asiirudishe. Breka haianguki bila sababu.

Umeona tofauti ya kazi hizi mbili. Maji yasipofungika yanaharibu kila dakika. Umeme ukishazimwa, kwa kawaida hauharibu tena, unakosesha raha tu. Kwa hiyo fundi umeme ana mzigo mkubwa zaidi wa kumwambia mteja waziwazi: "Uko salama mpaka asubuhi. Nikija sasa unalipia mwanga wa usiku huu." Wapo watakaosema njoo, kwa sababu kuna mgonjwa anayetegemea mashine, au dawa ziko kwenye friji, au hawataki tu kulala gizani. Hizo ni sababu zao na ni halali. Wewe usiwatungie hofu ili waseme njoo.

Hatua ya tatu: taja bei yote kwa pumzi moja, kisha iandike

Baada ya maswali, bei itajwe nzima na kwa tarakimu. Usiseme "usiku kuna kaongezeko kidogo". Maneno yangu ni haya, karibu neno kwa neno:

"Mama, kwa ulivyonieleza hapa hapafungiki bila fundi. Nikija sasa ni 475. Hiyo ni safari, saa ya kwanza ya kazi, na nyongeza ya usiku ya 325. Baada ya saa ya kwanza, kila nusu saa ni 50, sawa na mchana. Vipuri ni bei yake ya kawaida. Ukisubiri mpaka saa mbili asubuhi ni 150. Nije?"

Kisha nyamaza. Hiki ndicho kipande kigumu kuliko vyote. Kimya kikizidi sekunde tatu, fundi anaanza kujitetea, anataja mafuta ya gari na watoto wake, na mwisho anajipunguzia bei mwenyewe kabla mteja hajasema neno. Ngoja ajibu.

Ukiulizwa kwa nini, toa sababu zile zile tatu za hesabu, fupi: "Nakaa tayari usiku hata nisipoitwa, nakuja na kurudi kwa ajili yako peke yako, na kesho naanza kazi kwa kuchelewa saa mbili." Hakuna anayehitaji zaidi ya hapo. Epuka "usiku ni usiku" na "ndiyo bei ya kila mtu". Hayo si majibu.

Uliza pia nani analipa. Mpangaji akipiga, mara nyingi anadhani mwenye nyumba atalipa, na mwenye nyumba amelala. Mwambie ampigie kwanza, au akubali kwamba wewe utalipwa na yeye uliyeongea naye na wao wataelewana kesho. Swali hilo likiulizwa saa tisa usiku mlangoni, limechelewa.

Akikubali, mtumie ujumbe kabla hujawasha gari:

"Nakuja sasa. Umepiga saa 7:15 usiku. Kufika + saa ya kwanza: 150. Nyongeza ya usiku: 325. Jumla: 475. Kila nusu saa ya ziada: 50. Vipuri kando, bei ya kawaida. Nitafika kabla ya saa 8:10. Jibu NDIYO nianze safari."

Lile neno NDIYO lina thamani kuliko hotuba yoyote utakayotoa baadaye. Na muda wa kufika ulioahidi unakufunga na wewe: ukichelewa sana kwa uzembe wako, punguza nyongeza bila kuombwa.

Hatua ya nne: ukiwa kazini, ujue pa kuishia

Nichukue mwito huo wa saa saba na robo kama ulivyokuwa. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu, mpira wa maji wa sinki la jikoni umepasuka karibu na nati ya chini, kwa hiyo haukuweza kukunjwa kuelekezwa kwenye sinki. Koki ya chini imekwama kwa kutu. Chombo cha nusu lita kilijaa kwa sekunde sita, yaani lita tano kwa dakika. Tangi ni la jengo zima na mlango wa paa umefungwa. Nilimuuliza kama kuna kifuniko chenye skrubu ukutani bafuni au koridoni, akatafuta, hakukiona. Maji yalikuwa yameanza kushuka kwa jirani wa chini. Huyu hakuwa wa kusubiri.

Nilifika saa nane kasoro dakika tano. Kifuniko kilikuwepo, nyuma ya kabati la viatu, kimepakwa rangi moja na ukuta. Ndani yake valvu ya geti ya nyumba yake. Mafuta kidogo kwenye shina, robo kwenda, robo kurudi, na baada ya dakika sita maji yakakatika.

Hapo kuna uamuzi: kutuliza na kuondoka, au kumaliza kabisa. Kanuni yangu ni kwamba kama vipuri ninavyo na kazi itaisha ndani ya saa ya kwanza ambayo ameshailipia, namaliza. Kama inahitaji kipuri nisichokuwa nacho, kuvunja ukuta, au saa tatu za kukisia kwa tochi, natuliza tu, naacha salama, na narudi mchana kwa bei ya mchana. Fundi umeme naye anafanya vivyo hivyo: anatenga sakiti mbovu, anapima insulesheni ya zilizobaki kwa volti 500, zikiwa zote juu ya megaomu 1 anairudishia nyumba umeme, na ile moja inasubiri jua. Kumkarabatia mtu usiku kinachoweza kukarabatiwa mchana ni kumla pesa.

Kwa mama huyu nilikuwa na mpira na koki. Nilibadilisha vyote viwili, nikajaribu, nikafuta, nikamaliza saa tisa kasoro robo. Kabla ya kuondoka nilimwomba afunge na kufungua ile valvu ya nyuma ya kabati kwa mkono wake mara mbili.

Hatua ya tano: risiti, na maneno yanayokuja nayo

Risiti iandikwe kwa mistari ile ile ya ujumbe, kwa tarakimu zile zile. Yake ilikuwa hivi:

Safari: 50
Kazi, saa ya kwanza: 100
Nyongeza ya usiku (simu ya saa 7:15): 325
Mpira na koki: 40
Jumla: 515

Nyongeza isimame peke yake kwenye mstari wake. Ukiichanganya kwenye "kazi", mteja atalinganisha 425 na saa moja ya fundi mwingine na kuona umemwibia, na akidai fidia kwa bima au kwa mwenye nyumba hataweza kueleza pesa imekwenda wapi.

Yule mama aliangalia na kusema maneno ambayo kila fundi ameshayasikia: "Lakini fundi, kufunga kwenyewe ilikuwa dakika sita." Sikuanza kueleza miaka ya uzoefu. Nilimwambia: "Kweli, na dakika hizo sita zimo kwenye 100 ya saa, sawa na mchana. Ile 325 ni ya kunitoa nyumbani saa saba, na ungeilipa hata ningetumia dakika hamsini." Alitikisa kichwa, akatazama ujumbe wake mwenyewe wa NDIYO, akalipa. Hakufurahi, na sikumtarajia afurahi.

Lingine ni "kuna fundi anachukua nusu". Hilo la kujibu kwenye simu tu, na jibu ni kumtakia heri: kama yuko macho na anafika kwa bei hiyo, mpigie. Usimseme vibaya usiyemjua. Likitajwa baada ya kazi, si swali la bei tena, ni ombi la punguzo, na makubaliano yameshaandikwa.

Akisema kweli hana pesa yote usiku huo, chukua zile 150 za kazi pamoja na vipuri, na nyongeza mpe tarehe, kwa ujumbe. Usifungue tena ulichokifunga ili kumkomoa. Kurudishia maji yamwagike au kuacha waya wazi kwa hasira ni hatari utakayojibia wewe.

Pale ambapo nyongeza haitozwi

Kama kilichovunjika ni kazi yako mwenyewe, bado ndani ya muda uliomhakikishia, unakwenda bure, usiku au mchana. Niliwahi kurudi saa kumi usiku kwa sababu ya nati niliyoikaza mimi mwezi uliotangulia, na risiti niliyoandika ilikuwa sifuri.

Ukifika na kukuta tatizo ni la shirika la maji au la umeme, na dalili zilikuwepo kwenye simu lakini hukuuliza, toza safari tu. Kama uliuliza vizuri na mteja akakupa habari isiyo sahihi, nyongeza inabaki, lakini saa ya kazi usiiandike. Ukirudi mchana kumalizia ulichotuliza usiku, nyongeza hairudiwi, na safari ya pili mimi siitozi. Kazi iliyoanza usiku ikapitiliza mpaka kumekucha nayo ina nyongeza moja ile ile.

Kila mwito uandike kwenye daftari: saa ya simu, ngazi, ulikwenda au uliumalizia kwenye simu, na kesho yake ulianza kazi saa ngapi. Baada ya miezi mitatu rudia hesabu. Kama usiku wako tatu kwa wiki sasa unaleta miito mitatu badala ya miwili, ile 150 ya kukaa tayari inagawanywa kwa tatu, kila mwito unabeba 50, na ngazi zako zinashuka kuwa 100 na 300. Kama umebaki na mwito mmoja kwa wiki, zinapanda kuwa 200 na 400, na hapo huenda ni afadhali upokezane simu na mwenzako kuliko kumtwisha mteja mmoja usiku wako wote tatu.